Jinsi ya kuomba idhini ya kushusha thamani ya mzigo uliododa, na kuupostia kwenye ERPNext

Kila ikifika Desemba maswali ni yale yale, mtu ana stoo imejaa vitu haviendi, ma-auditor wako njiani, na bosi hataki kusikia neno hasara. Nitaeleza tunavyofanya sisi kwenye duka la spea, tunatumia ERPNext, ila wazo lenyewe linafanya kazi popote.

Kwanza elewa unaomba nini. Huombi kutupa mzigo. Unaomba kukubali kwenye vitabu kwamba mzigo hautarudisha hela uliyonunulia. Kanuni ni IAS 2, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa stoo: stoo inaandikwa kwa bei ya kununulia au kwa kile utakachopata ukiuza baada ya kutoa gharama za kuuza, ile iliyo ndogo. Kwa hiyo ombi linalosema "tukate asilimia 50 kwa vyote vya zaidi ya mwaka" halina miguu, auditor atakuuliza 50 imetoka wapi na hutakuwa na jibu. Inaangaliwa bidhaa moja moja, au kundi la vitu vinavyofanana kweli.

Hatua ya kwanza ni kupata orodha. Fungua ripoti ya `Stock Ageing`, weka tarehe ya kufunga hesabu, angalia vilivyokaa zaidi ya siku 365. Ila usiishie hapo maana hiyo ripoti inahesabu mzigo uliingia lini, haijui mara ya mwisho uliuzwa lini, unaweza kukuta kitu kinatoka kila wiki lakini kina mabaki ya zamani, na kingine kiliingia miezi 4 iliyopita na hakuna aliyewahi kukiulizia. Mimi huwa nafungua `Stock Ledger` ya kila kitu ninachokitilia shaka naangalia ilitoka ngapi miezi 12. Halafu nenda stoo kahesabu kwa mkono, jamani, usiombe kushusha thamani ya vitu 240 kumbe vipo 212. Hivyo vilivyopungua ni upotevu, hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Hatua ya pili, tafuta ushahidi wa bei. Tuchukue mfano wa filta za gari la modeli ya zamani. Zipo 240, tulinunua kwa sh 18,000 kila moja, kwa hiyo vitabuni zimekaa 4,320,000. Zamani tuliziuza 27,000, sasa hivi mteja anayezitaka ametoa ofa ya 11,000 kwa maandishi, na kumpelekea ni kama 1,000 kwa moja. Tunabaki na 10,000. Tofauti ni 8,000, mara 240 ni 1,920,000. Hiyo ndo namba ya kuomba, sio zaidi. Ofa ya maandishi ndo dhahabu hapa, ukikosa tafuta risiti za mauzo yako ya karibuni au bei ya muuzaji mwenzio.

Fomu yenyewe iwe ukurasa mmoja tu: namba ya bidhaa, ghala, idadi iliyohesabiwa, bei ya kununulia, bei ya kuuzia sasa, gharama za kuuza, kiasi cha kushusha, na sababu kwa sentensi moja. Mtu wa stoo anasaini idadi, mtu wa mauzo anasaini bei, mhasibu anasaini hesabu, meneja anaidhinisha. Usimruhusu mtu mmoja kusaini mbili, na hasa mtu wa stoo asiwe ndo anayepanga bei, maana mzigo ulioshushwa thamani ndo rahisi "kupotea". Tarehe ya idhini iwe kabla ya kusubmit kwenye mfumo.

Sasa kwenye mfumo, hapa ndo watu wengi wanakwama. Mtu anafungua `Journal Entry`, anakredit `Stock In Hand` moja kwa moja, anagonga Submit, na mfumo unamrushia ujumbe kwamba akaunti hiyo `can only be updated via Stock Transactions`. Haujaharibika. Unazuia leja kuu isitofautiane na leja ya stoo. Wapo wanaobadilisha aina ya akaunti ili ipite, usifanye hivyo, utakuja kulia ukifungua `Stock and Account Value Comparison`.

Njia sahihi ni kufungua akaunti mpya kwenye `Chart of Accounts`, chini ya Current Assets, uiite Provisheni ya Stoo, na `Account Type` uiache wazi, usiweke Stock. Nyingine ya gharama ifungue upande wa gharama za mauzo. Halafu posti hivi kwa `Journal Entry`:

```
Dr  Hasara ya Kushuka kwa Stoo   1,920,000
Cr  Provisheni ya Stoo           1,920,000
```

Ambatisha ile fomu na ofa kwenye entry hiyo hiyo. Kwenye mizania stoo itabaki 4,320,000 na provisheni itakaa chini yake kama hasi, jumla 2,400,000. Kila filta bado ina gharama ya 18,000 ndani ya mfumo, kumbuka hilo.

Maana wiki mbili baadaye mteja akichukua 90, mfumo utaposti gharama ya mauzo kwa bei ya zamani: 90 mara 18,000, yaani 1,620,000. Mauzo ni 990,000, kusafirisha 90,000. Ukiangalia hapo umepata hasara ya 720,000 ambayo ulishaikubali mwaka jana, kwa hiyo imehesabiwa mara mbili. Dawa yake ni kuachia provisheni ya hizo 90:

```
Dr  Provisheni ya Stoo           720,000
Cr  Hasara ya Kushuka kwa Stoo   720,000
```

Sasa inakuwa sifuri, kama tulivyotegemea. Inabaki 1,200,000 kwa filta 150. ERPNext haitakufanyia hii yenyewe, na ndo maana nimewahi kuona provisheni imekaa miaka mitatu haijaguswa wakati mzigo wake ulishaisha. Mimi nina karatasi ya Excel, kila mwisho wa mwezi naangalia idadi iliyobaki mara 8,000, namba isipolingana na akaunti najua kuna mauzo nimeyaruka.

Kuna wanaopenda njia ya `Stock Reconciliation`, unaweka idadi ile ile lakini `Valuation Rate` unaishusha iwe 10,000. Hapo mfumo wenyewe unakredit stoo na kudebit `Difference Account` uliyochagua, na mauzo yanayofuata yanatoka kwa 10,000 bila wewe kuachia chochote. Ni rahisi kweli. Ila gharama ya mwanzo unaipoteza kwenye bidhaa, na IAS 2 inakutaka urudishe thamani bei ikipanda, mwisho pale pale 18,000, utaitafuta wapi? Kingine, thamani inakaa kwa ghala, kama filta zipo maghala mawili weka mistari miwili. Mimi natumia hii kwa vitu vilivyokufa kabisa, vinavyosuasua tu naviwekea provisheni. Usifanye zote mbili kwa kitu kimoja.

Na zile ulizoziwekea provisheni ila mwishowe hazikuuzika kabisa, siku ya kuziteketeza fanya `Stock Entry` ya aina ya `Material Issue` ili zitoke kwenye idadi, itaposti gharama kwa 18,000, halafu achia provisheni ya idadi hiyo kama ulivyofanya kwenye mauzo. Piga picha wakati zinavunjwa, na shahidi asiye mtu wa stoo asaini.