Somo: koili ni ya jioni, usiku ni neti

Jamani leo ntaeleza vile tunalala kwa muzigo wetu hapa Bwaise, Kampala. Ni chumba kimoja, kama mita 3 kwa 3 na nusu, dirisha moja mbele, nyuma ni ukuta wa jirani, na mtaro uko hatua chache tu kutoka mlangoni. Anayejua Bwaise anajua mvua ikipiga huo mtaro unafanya nini, kwa hivyo mbu hapa sio wa kuhadithiwa.

Zamani tulikua tunawasha koili saa moja jioni, tunafunga dirisha tunafunga mlango, tunalala nayo mpaka iishe. Mtoto wetu wa miaka 4 akaanza kikohozi cha usiku. Mchana yuko sawa anacheza, ikifika saa nane usiku anakohoa mpaka anatapika, na dawa ya kifua tulinunua chupa mbili bure. Kilichonifungua macho ni kalenda. Niliitoa ukutani pale juu ya mahali tunawekaga koili, nikakuta nyuma yake ukuta bado mweupe na pembeni yote rangi ya chai ya maziwa. Nikasema haya, na kifua cha mtoto je?

Ile dawa inayosumbua mbu kwenye koili ni kidogo sana, kinachobaki ni unga wa mbao na vitu vya kuufanya uungue pole pole. Moshi ndio unabeba dawa. Kuna watafiti walipima koili za China na Malaysia, wakakuta koili moja ikiisha inatoa chembe ndogo za moshi, zile zinashuka mpaka ndani ya mapafu, sawa na za sigara 75 mpaka 137. Sasa funga dirisha ulale nayo.

Haya, sisi sasa tunafanya hivi.

Hatua ya 1: anza na neti, koili baadaye. Neti ikiwa mbovu utarudi tu kwa moshi. Ingia ndani yake mchana, mwenzako amulike na tochi ya simu kutoka nje, matundu yote utayaona. Shona na uzi wa kawaida, hata fundo linatosha. Neti mpya itundike kivulini siku nzima kabla ya kulala ndani, manake ikitoka tu kwa pakiti inawasha ngozi na macho. Halafu iwe na urefu wa kuchomekwa chini ya godoro pande zote nne. Ikining'inia tu haisaidii, mbu anatafuta pale chini.

Hatua ya 2: dirisha liweze kufunguka. Nilinunua wavu wa mbu wa kupima kwa mita pale hadiwea, nikaupigilia na vibao vyembamba dirishani na kwenye yale matundu ya hewa juu ya mlango. Matundu watu wengi wanayaziba na magazeti au vitambaa. Usizibe, weka wavu. Lendilodi alinung'unika juu ya misumari lakini akazoea.

Hatua ya 3: koili robo. Koili nzima inaungua kama masaa 8, kwa hivyo ukiivunja robo unapata kama masaa 2, na hiyo inatosha kwa ule muda wa kupika na kula. Iweke nje mlangoni, upande upepo unakotokea, ili moshi upite kwa miguu yenu wala usijikusanye ndani. Chini weka sahani ya bati yenye mchanga, mbali na pazia, mbali na viatu vya plastiki, na chini ya kitanda USIWEKE kabisa, hapo ndipo godoro linashika moto watu wakiwa wamelala.

Hatua ya 4: miguu. Mbu wengi jioni wanauma kuanzia magoti kushuka, kwa hivyo anayekaa nje ajipake losheni ya mbu kwenye nyayo na vifundo. Ikiwa ni ya DEET, osha mikono kabla ya kushika simu, hiyo kitu inakula plastiki, kava yangu ilibaki na alama ya vidole mpaka leo. Ukienda kulala nawa miguu kwanza.

Hatua ya 5: saa mbili na nusu koili imeisha au unaivunja kichwa kinachowaka. Shusha neti, chomeka, halafu fungua dirisha na uliache wazi usiku wote. Najua inaogopesha. Lakini mbu wa malaria anauma sana usiku wa manane kuelekea alfajiri, na wakati huo wewe uko ndani ya neti. Mwisho mulika pembe za juu za neti kwa ndani, kuna mmoja anapendaga kujificha huko.

Asubuhi angalia. Ukikuta mbu ndani ya neti tumbo jekundu, kuna tundu au mtu aliamka kwenda choo hakuchomeka. Ukikuta neti iko safi ila umeumwa kiwiko au goti, ulilala ukigusa neti, mbu akauma akiwa nje. Sisi tulisogeza kitanda kidogo kutoka ukutani, ikaisha. Kikohozi cha mtoto kilipungua wiki ya pili.

MASWALI

Swali: Nyabo, mimi nina mtoto wa mwezi mmoja na mume ana pumu, hata hiyo robo ya nje niiache?
Jibu: Iache. Pumu na moshi haviendani. Mtoto wa mwezi mmoja usimpake losheni pia, ya DEET ni baada ya miezi miwili. Mtoto aingie ndani ya neti mapema, hata saa kumi na mbili.

Swali: Hapa Busia tunachoma trei za mayai, si ni bora haina kemikali?
Jibu: Ndugu yangu, moshi ni moshi. Trei nayo inatoa moshi tena haina dawa ya mbu, ni mbu anakimbia tu kwa muda na nyinyi mnabaki.

Swali: Na ile ya kuchomeka kwa stima?
Jibu: Haina moshi, hapo imeshinda. Lakini inatoa dawa hewani, kwa hivyo dirisha lenye wavu liwe wazi kidogo. Na stima ikienda usiku, imekwenda nayo, hivyo neti bado.

Swali: Neti yangu ya serikali mbu wanatua juu na hawafi. Nimefua na jiki.
Jibu: Mambo mawili hapo. Jiki na sabuni kali ya unga zinaondoa dawa, fua na sabuni ya kipande, maji baridi, anika kivulini. Halafu mbu wa Uganda wengi wameizoea ile dawa ya kawaida, ndio maana kwenye ugawaji wa 2017 na 2018 zingine zilikua na PBO, inayopunguza ubishi wao. Usiitupe, kama haina tundu na imechomekwa bado inamzuia.

Swali: Watoto wangu watatu wanalala chini kwa mkeka, nachomeka wapi?
Jibu: Chini ya mkeka wenyewe, pande zote. Neti ya mstatili ndio nzuri hapo, ile ya duara watoto watatu watalala wakiigusa. Kamba nne kwenye mbao za paa, asubuhi unaikunja juu unaifunga fundo ili wasiikanyage.