HDR haiwaki? Angalia setingi ya HDMI kwanza

Nimeligundua juzi baada ya kuangalia 4K miezi kadhaa bila HDR. Kwanza HDR sio wingi wa pikseli, ni nafasi kati ya giza na mwanga, yaani taa inang'aa kweli na bado unaona mikunjo ya koti jeusi la aliyesimama kivulini. Sasa tivi nyingi poti za HDMI zinakuja zimebanwa kwenye fomati ya kawaida ili vifaa vya zamani visisumbue, kwa hiyo tivi inakiambia kifaa chako "mimi siwezi HDR" na chenyewe kinatii tu. Ingia setingi za tivi ufungue: Sony ni HDMI signal format uweke Enhanced format, Samsung Input Signal Plus, LG HDMI Deep Color. Ni kwa kila poti, ukihamisha waya unaanza upya. Ikishakubali, ukicheza kitu cha HDR tivi nyingi huonyesha alama ya HDR. Picha ikikatika-katika au ikijaa vidoti vyeupe, waya ndio umeshindwa, tafuta ulioandikwa Premium High Speed. Dikoda ya zamani ikigoma kabisa, poti yake irudishe ilivyokuwa.