Somo: Barua ya kuambatanisha na fomu ya mkopo, kwa mwenye kizimba anayetaka kuongeza nafasi

Fomu ya mkopo inamweleza afisa mikopo wewe ni nani, na barua inamweleza pesa itarudi vipi. Barua nyingi nilizozisoma nikiwa upande wa pili wa meza zilikuwa za kuomba huruma: watoto, ada, maisha magumu. Afisa hana pa kuyaandika hayo.

Tuchukue mama anayeuza mchele na maharage Soko la Majengo, Dodoma. Kizimba cha jirani kimeachwa wazi na uongozi wa soko umekubali achukue.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kushika kalamu

Mahitaji yake ni haya: magunia manne ya mchele ya kilo 100 kwa sh 880,000, gunia la maharage sh 250,000, meza na shelfu sh 180,000, mizani sh 120,000 na malipo ya kizimba sh 70,000. Jumla sh 1,500,000. (Mizani iwe na muhuri wa Wakala wa Vipimo, la sivyo utainunua mara mbili.)

Sasa upande wa marejesho. Anauza wastani wa kilo 72 kwa siku, faida sh 300 kwa kilo, yaani sh 21,600. Akitoa ushuru, mifuko na nauli sh 4,600, kisha matumizi ya nyumbani sh 8,000, zinabaki sh 9,000. Kwa siku 26 za kazi ni sh 234,000 kwa mwezi.

Akikopa milioni moja na nusu kwa miezi sita, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye mkopo wote, rejesho ni sh 302,500 kila mwezi. Haliwezi. Akikopa milioni moja, rejesho ni kama sh 201,700, na hilo linabebeka. Laki tano zilizobaki anazitoa kwenye akiba yake ya kikoba.

Angalia kwamba hesabu yote imetoka kwenye kizimba cha zamani. Faida ya kizimba kipya haimo, kwa sababu mwezi wa kwanza wateja huwa hawajakizoea. Anayelipa rejesho kwa faida anayoitarajia huishia kuuza mtaji ili alipe.

Hatua ya 2: Andika, usizidishe ukurasa mmoja

Anwani yako na tarehe juu kulia, ya meneja wa tawi kushoto. Kisha:

> YAH: MAOMBI YA MKOPO WA SH 1,000,000 KUONGEZA KIZIMBA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfanyabiashara wa mchele na maharage, Soko la Majengo, kizimba namba ……, tangu mwaka ……
>
> Naomba mkopo wa sh 1,000,000 kwa miezi sita. Upanuzi utagharimu sh 1,500,000. Sh 500,000 ninazo. Mchanganuo nimeuambatanisha.
>
> Baada ya gharama za biashara na za nyumbani, kizimba nilichonacho kinaniachia wastani wa sh 234,000 kwa mwezi. Rejesho nitalilipa kutoka hapo. Mauzo hupungua wakati wa mavuno, watu wanapokuwa na chakula chao. Kwa miezi hiyo nimetenga akiba ya rejesho moja.
>
> Wako mtiifu,

Sentensi ya mavuno usiifute. Afisa anajua mauzo hushuka, anataka kuona kama na wewe unajua.

Hatua ya 3: Viambatanisho

Nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, stakabadhi za ushuru, barua ya uongozi wa soko kuhusu kizimba kipya, na taarifa ya miamala ya simu. Hiyo barua ya soko ndiyo husahaulika, na bila hiyo afisa hana uhakika kama kizimba unacho au unakitamani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa dagaa, Kirumba: Sina daftari la mauzo. Nikadirie tu?

Usikadirie. Anza leo kuandika kila jioni, uombe mkopo baada ya miezi miwili. Afisa atakuja sokoni na kuhesabu mzigo ulioko mezani; ukiandika mauzo ya laki mbili kwa siku na mzigo ni wa laki moja, atakuuliza unanunua mara ngapi kwa wiki.

Msomaji wa Tandika: Nina deni la kikoba. Nilitaje, au ninyamaze?

Litaje, pamoja na kiasi cha rejesho lake, na ulitoe kwenye ile 234,000. Mdhamini wako huenda ni mwanakikoba mwenzako, atalisema akiulizwa.

Dada wa mitumba, Mbeya: Wakopeshaji wangu wanataka marejesho ya kila wiki. Barua ibadilike?

Badilisha hesabu tu. Mkopo wa milioni moja pamoja na riba yake ni sh 1,210,000; kwa wiki 26 ni kama sh 46,540, na yule mama wa Majengo anabakiza sh 54,000 kwa wiki ya siku sita. Ila uliza rejesho la kwanza ni lini. Likidaiwa wiki ileile unayopokea pesa, mchele hujauza bado, kwa hiyo liweke pembeni kabla hujaenda kununua magunia.