SOMO: Pima pawabenki kwa mizani na Wh, achana na namba kubwa ya kwenye kava

Habari zenu wanakikundi. Nimekuwa fundi simu hapa Kisumu miaka kadhaa na kila stima ikipotea siku mbili mfululizo napata watu wanaleta pawabenki wakisema "fundi hii imeharibika, imeandikwa 30000 na haijazi simu hata mara moja". Mara nyingi haijaharibika. Iko vile ilitoka kiwandani, ni ile namba ndio uongo. Kwa hivyo leo nataka niwaonyeshe vile mimi napima, kwa kutumia moja niliyonunua mwenyewe kwa 1,200 hapa mjini, imeandikwa 30000 mAh, tuiite Nyeusi, na nyingine ya 10000 mAh ambayo natumia nyumbani, tuiite Nyeupe.

Hatua ya kwanza: badilisha mAh iwe Wh

mAh peke yake haikwambii kitu mpaka ujue ni ya volti ngapi. Ndani ya pawabenki kuna seli za lithiamu za 3.7 V, na ile mAh kubwa ya kwenye kava huhesabiwa hapo. Lakini simu inapokea 5 V, kwa hivyo kuna saketi ndani ya kupandisha volti, na volti ikipanda ile mAh inashuka, halafu saketi yenyewe inakula kidogo na kuitoa kama joto. Wh, yaani wati-saa, ndio haikudanganyi kwa sababu ni nishati yenyewe. Hesabu ni hii:

```
mAh ÷ 1000 × 3.7 = Wh
```

Nyeupe: 10 × 3.7 ni 37 Wh. Nyeusi: 30 × 3.7 ni 111 Wh. Hapo tu ukiwa bado dukani geuza pawabenki usome maandishi madogo ya nyuma. Nyeupe imeandikwa 37Wh, na chini yake `Rated Capacity 6000mAh (5V/2A)`, maana yake mwenye kuitengeneza amekubali kwamba kwa upande wa simu utapata 6000 na sio 10000. Watu wengi wakiona hiyo 6000 wanairudisha wakidhani wameibiwa, kumbe huyo ndiye muuzaji anayesema ukweli. Nyeusi haina hiyo mistari miwili kabisa. Ina 30000 kubwa ya dhahabu na picha ya radi.

Hatua ya pili: mizani

Hii ndio napenda zaidi kwa sababu haihitaji kifaa cha fundi. Nishati ina uzito. Seli nzuri za kawaida zinabeba kama 250 Wh kwa kilo, yaani kila Wh moja inataka karibu gramu 4 za seli. Kwa hivyo chukua Wh uzidishe kwa 4, hiyo ndio gramu za seli peke yake, kabla hujaongeza kava na saketi.

Nyeupe: 37 × 4 ni 148. Niliiweka kwa mizani ya yule mama anauza njugu karibu na mimi, ile ya dijitali, ikasoma 221. Inaingiana, seli 148 au zaidi kidogo na inayobaki ni plastiki na saketi.

Nyeusi: 111 × 4 ni 444. Mizani ikasoma 218. Yaani pawabenki nzima, na kava yake na taa yake na kila kitu, haifiki hata nusu ya uzito wa seli ambazo inasema iko nazo. Hata ukimpa muuzaji seli bora kuliko zote sokoni bado haiwezekani. Hapo kesi imeisha na hujafungua kitu.

Lakini sikia vizuri, mizani inaweza kumshika mwongo ila haiwezi kumtakasa mtu. Nyepesi sana ni uongo kwa hakika. Nzito sio lazima iwe nzuri, kwa sababu niliifungua Nyeusi (niliimaliza chaji kwanza, na nikatumia kipande cha plastiki sio bisibisi, usijaribu ikiwa hujazoea, ukitoboa seli inashika moto) nikapata seli tatu za duara za 18650, zile za milimita 18 kwa 65, na pembeni kipande cha chuma kimefungwa na selotepu. Chuma bana. Kazi yake ni uzito tu ukiishika mkononi. Seli zenyewe zilikuwa na gramu 38 kila moja wakati nzuri ya saizi hiyo huwa 45 kwenda juu, hazina maandishi yoyote, na kwenye ncha zina alama za kulehemu za zamani zilizosuguliwa. Hizo zimetolewa kwa betri za laptopu zilizochoka.

Na mkumbuke hii, seli moja ya 18650 iliyo bora kabisa inabeba kama 3500 mAh hivi. Kwa hivyo zile pawabenki ndogo za umbo la lipstiki zenye seli moja ya 18650 zikiandikwa 5000 au 8000, hata mizani hauhitaji.

Hatua ya tatu: mita ya USB

Kuna kamita kadogo ka USB kanaonyesha volti, ampia, mAh na Wh, unakaweka katikati ya pawabenki na mzigo, yaani kitu cha kuvuta umeme. Mzigo mzuri ni kale kabodi kenye kitufe cha kuchagua 1 A au 2 A, simu sio nzuri kwa kupima kwa sababu inapunguza chaji yenyewe ikikaribia kujaa. Jaza pawabenki mpaka mwisho, rudisha mita iwe sufuri, weka 1 A, acha mpaka ijizime, soma Wh. Soma Wh nimesema, usisome mAh, kwa sababu mAh ya mita ni ya 5 V na ya kava ni ya 3.7 V, ukizilinganisha utamlaumu mtu bure.

Nyeupe ilienda saa sita na dakika kama ishirini, ikatoa 31.6 Wh. Ukigawa kwa 37 unapata asilimia 85. Pawabenki nzuri huwa hapo kati ya 80 na 90, hiyo inayopotea ni ya saketi.

Nyeusi ilizima baada ya saa tatu na kidogo, 15.4 Wh. Ukihesabu kurudi nyuma kwenye seli inakuja karibu 4900 mAh. Imeandikwa 30000.

Hatua ya nne: rudia na 2 A

Hapa ndio unajua ubora wa seli, sio ukubwa tu. Seli iliyochoka ina ukinzani mkubwa ndani, ukiivuta kwa nguvu volti yake inaanguka haraka, saketi inadhani imeisha na inakata wakati bado kuna chaji ndani. Nyeupe kwa 2 A ilitoa 30.1 Wh, imeshuka kidogo tu. Nyeusi ilitoa 9.2 na kava ikawa moto mpaka nikaihamisha kutoka kwa meza ya mbao nikaiweka kwa sakafu ya simiti. Kwa hivyo ukiona taa nne zinashuka mpaka mbili ndani ya dakika chache, ama inakata simu halafu ukingoja kidogo inawaka tena, hizo ni seli mbovu hata kama ukubwa ulioandikwa ni wa kweli.

Haya, maswali.

Swali (mwalimu, Kakamega): Fundi asante, mimi sina mita na huku kwetu sijaona ikiuzwa. Nitajuaje?

Jibu: Mwalimu, tumia saa. Imalize kabisa, ichaji na chaja ya 10 W, hesabu masaa mpaka ijae. 37 Wh kwa 10 W haiwezi kujaa chini ya saa nne hivi ukiweka na inayopotea. Ile ya 30000 ingekuwa ya kweli ingetaka zaidi ya saa kumi na mbili, Nyeusi ilijaa kwa saa mbili na nusu. Ila ni kama mizani, kujaa haraka ni ushahidi wa uongo lakini kujaa polepole sio ushahidi wa ukweli, kuna zingine zinavuta 5 W tu.

Swali (Nakuru, bodaboda): Simu yangu ni ya 5000, si 10000 inafaa kuijaza mara mbili? Yangu inajaza mara moja na nusu, nimeibiwa?

Jibu: Hapana braza, hiyo ni nzuri, itunze. Betri ya simu yako ni kama 19 Wh. Pawabenki ikitoa 31 au 32, simu nayo inapoteza kidogo ikichaji, unabaki na 27 au 28 zinazoingia. Gawa kwa 19, ni moja na nusu hivi.

Swali (dada, Busia): Na zile za sola mgongoni? Niko ndani huku stima hatuna, nilitaka kuchukua hiyo.

Jibu: Dada kale kasola ka ukubwa wa kiganja kanatoa kama 1 W jua likiwa kali. Ukipata masaa tano ya jua la nguvu ni 5 Wh kwa siku, kwa hivyo kujaza 37 ni zaidi ya wiki. Na ukiiacha juani hivyo seli zinapikwa, joto ndio linaua lithiamu haraka. Nunua paneli ya pembeni ya 10 W ama zaidi yenye USB, paneli ikae juani na pawabenki ikae kivulini na kebo.

Swali (Kisumu): Fundi, nataka ya kuweka rauta ya wafai stima ikienda, ya 10000 itanipeleka masaa mangapi?

Jibu: Angalia chini ya rauta. Kama ni ya 12 V utahitaji kebo ya kupandisha volti kutoka 5, nayo inakula yake, kwa hivyo kwa zile 31 unabaki na kama 27. Rauta nyingi za nyumbani zinavuta kama 7 W, hiyo ni karibu saa nne. Na hakikisha pawabenki inaweza kutoa 2 A bila kuchoka, hatua ya nne ndio yako.

Swali (Bungoma): Ya mama yangu imefura kava imeachana katikati lakini bado inachaji vizuri. Aendelee?

Jibu: Asiendelee hata leo, tafadhali mpigie simu sasa. Kufura ni gesi ndani ya seli. Asiichaji, asiibonyeze irudi, asiitoboe, asiitupe kwa jiko wala kwa takataka zinazochomwa. Aiweke nje kwa sufuria kuukuu yenye mchanga mbali na nyumba, halafu ukija mjini uniletee, nina ndoo ya mchanga ninakoziweka mpaka wale wa taka za elektroniki wakuje kuzichukua.