E ya mwisho ya Kiingereza: lini uikate, lini uiache

Kazi yangu ni kuchapa na kusahihisha maandishi ya Kiingereza, karibu na Mkunguni hapa Lamu. Huletewa menyu za hoteli, mikataba ya kukodi nyumba, viapo vya kupeleka mahakamani, na maelezo ya nyumba za wageni. Herufi inayonipa kazi kuliko zote ni e ya mwisho, ile isiyotamkwa, pale neno linapoongezewa kiambishi tamati. Nitaonyesha ninavyoishughulikia kwa kutumia karatasi niliyoletewa juzi na bibi mmoja mwenye nyumba ya wageni Shela.

"Mwanangu, nipitishie macho hii, jioni yaenda kwa mpiga chapa," alinambia.

"Naam, mama, nipe saa moja."

Ilikuwa imeandikwa hivi:

```
A likable house in Shela with a sizeable roof terrace,
moveable beds and a noticable sea breeze.
The managment offers classes in dying cloth.
In any dispute the judgement of the court is final.
```

Ukiisoma haraka huoni neno. Mimi niliona maneno sita ya kuguswa, na si yote yaliyokuwa makosa.

Hatua ya kwanza: tazama herufi ya kwanza ya kiambishi

Jambo hili si geni kwetu. Soma likitaka kuwa someka, ile a ya mwisho huondoka kupisha irabu inayokuja. Kiingereza nacho hufanya hivyo: kiambishi kikianza kwa irabu, e bubu huanguka. Hope huwa hoping, fame huwa famous, use huwa usable. Herufi y huhesabiwa kama irabu hapa, ndiyo maana ice huwa icy. Kiambishi kikianza kwa konsonanti, e hubaki: hopeful, careless, movement.

Hatua hii peke yake hukumalizia sehemu kubwa ya maneno. Yako machache yanayopoteza e mbele ya konsonanti bila kuomba ruhusa, nayo ni ya kukariri tu: truly, duly, wholly, awful, argument, ninth. Nimeyabandika ukutani juu ya kompyuta, na bado kila mwaka naandika truely mara moja au mbili.

Hatua ya pili: uliza e ile ilikuwa ikifanya kazi gani

Hapa ndipo penye utamu. E bubu haitamkwi, lakini aghalabu ina kazi. Kazi yake moja ni kuilainisha herufi iliyo mbele yake. Katika Kiswahili g ni g popote utakapoiweka. Sauti ya j ina herufi yake. Kiingereza hakikuwa na subira hiyo. Mbele ya a, o au konsonanti, g yao kwa kawaida husomwa kama g ya gari, na c yao husomwa kama k. Mbele ya e, i au y, mara nyingi g husomwa kama j, na c kama s.

Sasa chukua notice. Ukiongeza able na kuikata e kwa kufuata hatua ya kwanza, unapata noticable, na anayesoma kwa macho atasikia k. Kwa hiyo e hubaki kulinda ile s: noticeable. Ndivyo ilivyo kwa changeable, manageable na courageous. Lakini andika noticing na changing bila e, kwa sababu ile i ya ing inafanya kazi hiyohiyo ya kulainisha. Walinzi wawili wa nini?

Chukua pia manage. Kiambishi ment kinaanza kwa konsonanti, basi e hubaki: management. Ukitaka kuona kwa nini managment haifai, tazama pigment na fragment. Maneno hayo hayana e katikati, na g yake ni ngumu kama ya gari.

Kipimo changu ni rahisi. Naificha e kwa kidole, nasoma kilichobaki kwa sauti. Sauti ikigeuka, e inarudi.

Hatua ya tatu: angalia kama e ikiondoka utapata neno jingine

Hatua hii ni fupi, lakini ndiyo iliyotaka kumwaibisha yule bibi. To dye ni kutia rangi. To die ni kufa. Kufa kukiongezewa ing huwa dying. Kutia rangi hubakiza e, dyeing, ili visichanganyike. Karatasi yake ilikuwa inawaalika wageni kwenye darasa la vitambaa vinavyokufa. Nilipomweleza alicheka mpaka akaegemea daka.

Ndugu yake neno hili ni singeing, kubabua kwa moto, ambalo bila e huwa singing, kuimba. Mwandika menyu anayetaja samaki wa kubabuliwa na alijue.

Hatua ya nne: judgement na judgment

Kwa hatua ya kwanza, judge na ment huleta judgement, e ikiwa mahali pake. Basi judgment imetoka wapi, na kwa nini haihesabiwi kosa kama managment?

Jibu ni ile d. Katika manage, e peke yake ndiyo inayosema kwamba g ni laini. Katika judge, d na g zikikaa pamoja mbele ya ment zinatosha kutoa sauti ya j, kwa hiyo e ikiondoka msomaji hapotei. Ndiyo maana acknowledgment, abridgment na lodgment zinaruhusiwa pia, na zote zina dg. Lakini ruhusa hii ni mbele ya konsonanti tu. Knowledgeable hubaki na e, maana able inaanza kwa a, na hata Mmarekani haikati.

Marekani wameshika judgment. Kamusi ya Noah Webster ya 1828 iliandika hivyo. Uingereza zote mbili zinatumika, lakini watu wengi hugawanya: judgement ni busara au maoni ya mtu, judgment ni hukumu ya mahakama. Kenya, sheria na mahakama huandika judgment. Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010, Amri ya 21, kichwa chake ni Judgment and Decree. Niliwahi kuchapa kiapo kizima kwa judgement nikijiona nimefuata Uingereza, wakili akanirudishia karatasi zote zimechorwa kwa kalamu nyekundu. Tangu siku hiyo, chochote kinachokwenda mahakamani au kinachotaja mahakama nakiandika bila e.

Kwetu hili lisitushangaze. Mtu wa Unguja akikuita atasema njoo. Sisi twasema ndoo. Hakuna aliyekosea. Kosa ni kuandika barua moja, ukurasa wa kwanza njoo na wa pili ndoo.

Hatua ya tano: likeable na likable

Hapa e hailindi g wala c. K haibadiliki. Kwa hatua ya kwanza ingepaswa kuanguka, na Marekani imeanguka: likable, sizable, livable. Uingereza, baadhi ya maneno mafupi, yale ambayo shina lake ni silabi moja, yamebakiza e ili jicho litambue shina: likeable, sizeable, saleable, liveable. Maneno marefu hayakuhitaji msaada huo, kwa hiyo kotekote utaona advisable, debatable na excusable bila e.

Ningependa kukwambia kwamba silabi moja ndiyo kanuni, lakini ningekudanganya. Usable, curable, lovable na movable ni mafupi vilevile, na kwa kawaida Waingereza wenyewe huyaandika bila e. Useable na moveable zimo katika baadhi ya kamusi kama sura ya pili. Mimi huchagua sura ya kwanza ya kamusi, na kwa movable nina sababu ya ziada: sheria ya Kenya ya 2017 ya dhamana juu ya mali zinazohamishika inaitwa Movable Property Security Rights Act. Mkataba wa kukodi nyumba ukitaja mali hizo, e haina nafasi.

Basi katika likeable na wenzake, amua mapema: Uingereza au Marekani. Wateja wangu wengi ni Wakenya, nami hufuata Uingereza. Karatasi ya bibi ilikuwa na likable ya Marekani na sizeable ya Uingereza katika mstari mmoja. Kila moja ni sahihi kwao. Kuwekwa pamoja ndiko kulikonikera.

Hatua ya sita: tafuta sura zote mbili kwa mpigo mmoja

Usitegemee mstari mwekundu wa kompyuta. Utanasa noticable na managment, lakini dying ni neno halali, na judgment na judgement mara nyingi zote hupita. Katika LibreOffice Writer, bonyeza Ctrl+H, fungua `Other options`, weka alama kwenye `Regular expressions`, kisha bandika hii penye nafasi ya kutafutia na ubonyeze `Find All`:

```
(judge?ment|acknowledge?ment|like?able|size?able|sale?able|live?able|move?able|\bage?ing\b)
```

Alama ya kuuliza inasema kwamba herufi iliyo kabla yake, yaani e, inaweza kuwapo au isiwepo. Kwa hiyo like?able hunasa likable na likeable pamoja. Ile \b pande mbili za age?ing ni uzio wa neno. Bila hiyo utaletewa managing na damaging, maana ndani yake mna aging. Maneno mengine sikuyazungushia uzio kwa makusudi, ili misjudgement na unlikeable nazo zinaswe.

Usibonyeze `Replace All`. Soma moja moja, kwa sababu judgement ya busara na judgment ya mahakama zinaweza kukaa katika hati moja, kila moja mahali pake.

Karatasi ya bibi ikatoka hivi:

```
A likeable house in Shela with a sizeable roof terrace,
movable beds and a noticeable sea breeze.
The management offers classes in dyeing cloth.
In any dispute the judgment of the court is final.
```

Likable na moveable nilizibadilisha kwa ajili ya uchaguzi, hazikuwa makosa. Noticable na managment zilikuwa makosa ya kulinda sauti. Dying lilikuwa kosa la maana. Judgement nilibadilisha kwa sababu ya neno court lililoifuata.

Kabla hajaondoka alinionyesha sehemu ya chini ya karatasi, ambako alikuwa amenukuu sifa za mgeni wake mmoja Mmarekani, ndani ya alama za kunukuu: a likable crew.

"Na hii mbona hukuigusa?"

"Hayo ni maneno ya mgeni, mama. Ameandika kama wanavyoandika kwao. Tukiiongeza e tutakuwa tumemsemea."