Namna ya Kufunga Salio la Saspensi Lililotokana na Fedha Zisizojulikana Benki

Mfano tutakaoufuata ni wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi lililoko Mwanakwerekwe, Unguja, lenye wateja wa mkopo kisiwani Pemba. Mtunza hesabu analinganisha daftari la benki na taarifa ya benki ya mwezi Machi, na anakuta kwamba tarehe 29 ziliingia shilingi 1,840,000 zenye maelezo `CASH DEP CHAKE CHAKE`, bila ya jina wala namba ya ankara.

Hatua ya kwanza: ziingize vitabuni. Wapo wanaoziacha nje ya daftari mpaka mwenyewe ajitokeze, na matokeo yake ni kuwa salio la benki vitabuni linakuwa pungufu kuliko fedha zilizopo kweli. Fedha zimeshaingia, kwa hiyo ziandikwe kwa tarehe 29 Machi:

```
Debiti:  Benki      1,840,000
Krediti: Saspensi   1,840,000
```

Salio hili la krediti ni deni, kwa sababu duka limeshika fedha ambazo bado halijui ni za nani, na mwezi au mwaka ukifungwa kabla hazijatambuliwa, zitaonekana upande wa madeni. Usizipeleke kwenye mauzo kwa kutaka tu kumaliza kazi. Ikiwa ni malipo ya ankara ya zamani, mauzo yake yalishaandikwa siku ankara ilipotolewa, kwa hiyo utayahesabu mara mbili, na ukiwa umesajiliwa VAT, ritani yako ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar nayo itabeba kosa hilo hilo.

Hatua ya pili: mtafute mwenyewe bila ya kumpa jibu. Iombe benki nakala ya hati ya kuwekea fedha, kisha linganisha kiasi na madeni ya wateja. Katika mfano wetu jina lililokuwa kwenye hati halikuwemo katika orodha ya wateja, na hapakuwa na ankara hata moja ya shilingi 1,840,000. Hali hii ni ya kawaida, kwani mteja wa Wete anaweza kumtuma mdogo wake Chake Chake, naye akaandika jina lake mwenyewe.

Unapowapigia simu wateja, usitaje kiasi. Uliza hivi: “Mzee, mwezi uliopita uliweka fedha yoyote katika akaunti yetu? Ilikuwa kiasi gani, na tawi gani?” Ukimtajia mtu mwenye deni kwamba zipo fedha zisizo na mwenyewe, umemshawishi azidai. Mwenye fedha kweli atataja kiasi, siku na tawi, na atakuonesha kipande chake cha hati.

Hatua ya tatu: zihamishe kwa tarehe zilipotambuliwa. Tarehe 11 Aprili, mteja mmoja wa Wete alithibitisha kwamba shilingi 1,500,000 zilikuwa za ankara ya mabati ya Februari, na 340,000 zilizobaki ni malipo ya awali ya saruji ambayo bado hajapelekewa. Ndiyo maana kiasi hakikulingana na ankara yoyote.

```
Debiti:  Saspensi          1,840,000
Krediti: Wadaiwa           1,500,000
Krediti: Malipo ya awali     340,000
```

Akaunti ya benki haiguswi tena hapa, na mwezi Machi uliokwisha kufungwa haufunguliwi. Zile 340,000 zinabaki kuwa deni mpaka saruji ifike kwa mteja.

Kosa kubwa zaidi hutokea katika hatua hii. Mteja anakuja dukani na kipande cha hati, karani anamkatia risiti kama kawaida, na mfumo unaidebiti benki kwa mara ya pili. Dalili yake utaiona katika ulinganisho wa Aprili: vitabuni pana fedha “zilizowekwa” ambazo hazionekani katika taarifa ya benki, na saspensi ina salio la kiasi hicho hicho. Dawa yake ni kuifuta ile risiti mfumoni na kupitisha ingizo la hapo juu. Mimi huona ni bora karani awe na orodha ya fedha zilizomo saspensi, ili kila hati ya zamani aikague kwanza kabla ya kukata risiti.

Hatua ya nne: kagua mstari kwa mstari. Salio la jumla likiwa sifuri halithibitishi kitu, kwa kuwa fedha iliyoingia kimakosa na nyingine iliyotoka kimakosa zinaweza kufutana. Kila kiasi kilichoingia kiwe na tarehe yake, tawi lake na ingizo lililokifunga.

Ikiwa benki yenyewe ndiyo iliyokosea akaunti, subiri iziondoe fedha hizo, kisha debiti saspensi na krediti benki. Akikupigia mtu usiyemjua na kukuomba umrudishie kwa simu, mwelekeze kwenye tawi alikoweka fedha, kwa sababu ukimtumia wewe na benki nayo ikaziondoa, utakuwa umelipa mara mbili.