Namna ya kuandika wasifu wa kazi kwa Kichina: somo kwa wahandisi wa barabara na ujenzi

Somo hili ni la mhandisi au fundi sanifu anayeomba kazi kwenye kampuni ya Kichina inayojenga barabara, reli au majengo hapa kwetu. Wengi huchukua wasifu wao wa Kiingereza, wakautafsiri mstari kwa mstari, wakatuma. Maneno yanakuwa ya Kichina lakini mpangilio unabaki wa kwetu, na msomaji wa ofisi ya mradi hapati haraka kile anachokitafuta. Ofisi hiyo huitwa 项目部, na mtu wa utumishi akishauchuja wasifu wako, kwa kawaida huupeleka kwa mhandisi mkuu, 总工. Huyo ndiye wa kumwandikia. Anataka kujua umeshika kazi gani, kwenye mradi wa ukubwa gani, na sehemu yako hasa ilikuwa ipi.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme ni Juma, jina la mfano tu, mhandisi ujenzi aliyefanya kazi ya maabara kwenye barabara ya lami.

Hatua ya 1: Taarifa binafsi, 个人信息

Zinakaa juu kabisa, fupi, na picha ya pasipoti iwekwe kona ya kulia. Kwetu picha ni hiari. Kwa Wachina imezoeleka, na wasifu usio na picha huonekana haujakamilika. Vaa shati lenye kola, mandhari ya nyuma yawe meupe au ya bluu.

```
姓名：朱马（JUMA）    性别：男
出生年月：1996.03     国籍：坦桑尼亚
现居地：多多马        工作年限：6年
电话：                微信：
邮箱：
```

Mistari hiyo inataja jina, jinsia, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, uraia, makazi, miaka ya kazi, simu, WeChat na barua pepe. Jina kamili liandikwe kwa herufi za Kilatini kama lilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho. Usisahau WeChat, maana mara nyingi hapo ndipo utakapoitwa kwenye usaili. Ukichukua fomu tupu mtandaoni utakutana na 民族 (kabila) na 政治面貌 (uanachama wa chama cha siasa). Hivyo ni vipengele vya raia wa China. Vifute kabisa, usiviache wazi.

Hatua ya 2: Kazi unayoomba, 求职意向

```
求职意向：道路试验工程师
期望地点：坦桑尼亚境内
期望薪资：面议
到岗时间：一周内
```

Juma anaomba uhandisi wa maabara ya barabara, popote ndani ya Tanzania, mshahara wa maelewano, na yuko tayari kuanza ndani ya wiki moja. Andika kazi moja tu. Ukiandika tatu, msomaji hatajua akupeleke idara gani. Mstari wa mwisho una uzito, kwa sababu mradi ulioanza hautaki kusubiri. Kama una notisi ya mwezi mmoja, andika 一个月内.

Hatua ya 3: Elimu, 教育背景

Anza na ya juu zaidi, na uishie hapo kama ni shahada. Shule ya msingi na sekondari haziandikwi.

```
2015.10—2019.07  达累斯萨拉姆大学
土木工程  本科（工学学士）
```

Hapo kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uhandisi ujenzi, shahada ya kwanza. Tarehe zote kwenye wasifu ziandikwe hivyo, mwaka kwanza kisha mwezi. Ukiandika 07/2019 utaeleweka, ila utakuwa umewavurugia mtiririko.

Hatua ya 4: Kazi na miradi, 工作经历 na 项目经历

Hapa tukae kidogo. Wasifu wa kwetu humaliza habari ya kazi kwa kutaja mwajiri, cheo na orodha ya majukumu. Wa Kichina kwa mhandisi hutenganisha mambo mawili: 工作经历 inasema umeajiriwa na nani, lini hadi lini, kwa cheo gani, na mistari miwili inatosha, 项目经历 inachukua mradi mmoja mmoja na kuufungua. Mhandisi mkuu husoma sehemu hii kuliko nyingine zote.

```
2021.03—2023.10  公路升级项目（38公里）
业主：坦桑尼亚国家公路局（TANROADS）
担任职务：试验室技术员
项目概况：双车道沥青公路，
合同额约450亿坦桑尼亚先令
工作内容：
1. 负责路基、基层压实度检测（灌砂法）；
2. 协助混凝土配合比设计，制作试块；
3. 参与监理验收，编写英文试验报告。
工作业绩：所负责12公里路基一次验收合格。
```

Fuata mstari kwa mstari. Kwanza tarehe na mradi, na wewe utataja jina halisi la barabara. Kisha mwenye mradi, TANROADS. Kisha cheo chako pale, fundi wa maabara. 项目概况 ni picha fupi ya mradi: barabara ya lami ya njia mbili, na thamani ya mkataba. Chini yake kazi zako: kupima ushindiliaji wa tuta na tabaka la msingi kwa njia ya mchanga, kusaidia kupanga vipimo vya mchanganyiko wa zege na kutengeneza kyubu, kushiriki ukaguzi wa mhandisi mshauri na kuandika ripoti kwa Kiingereza. Mwisho matokeo: kilomita 12 za tuta alizosimamia vipimo vyake zilikubaliwa kwa ukaguzi wa kwanza.

Angalia tarakimu ya mkataba. Ni shilingi bilioni 45, lakini Wachina hawahesabu kwa milioni na bilioni. Wana 万, yaani elfu kumi, na 亿, yaani milioni mia moja. Gawanya bilioni 45 kwa milioni 100 unapata 450, ndiyo 450亿. Dola milioni 18 zingekuwa 1800万美元. Wengi huandika 45亿 wakidhani 亿 ni bilioni, na mradi wao unashuka mara kumi. Mhandisi mkuu akigawa kwa kilomita anaona barabara isiyowezekana kujengwa kwa bei hiyo, na anaanza kutilia shaka kila kitu kilichobaki.

Kisha angalia neno linaloanza kila mstari wa kazi. Hakuna "mimi" popote. Sentensi inaanza na kitendo, na vitendo vina daraja. 负责 ni kwamba jukumu lilikuwa lako na ungeulizwa likiharibika. 协助 ni kwamba ulimsaidia mwenye jukumu. 参与 ni kwamba ulikuwemo. 主持 ni kwamba uliongoza kazi nzima. Ukijaza 负责 kila mstari kwa kazi ya mwaka wa kwanza baada ya chuo, usaili utakuwa mgumu, kwa sababu swali la kwanza litatoka hapo: ulichimba shimo la kina gani, mchanga uliupima vipi, tabaka likikosa asilimia ulifanya nini? Aliyeifanya kazi hiyo kweli hujibu bila kufikiri. Kwa hiyo pima kila mstari kwa swali hilo kabla ya kutuma.

Hatua ya 5: Ujuzi, vyeti na lugha

Ujuzi nao una daraja: 精通 ni umahiri, 熟练 ni kutumia kwa wepesi, 熟悉 ni kufahamu vizuri, 了解 ni kujua kidogo. 熟练使用AutoCAD inatosha kwa wengi wetu. 精通 iache mpaka uwe tayari kupewa mtihani papo hapo.

Kwenye vyeti kuna mtego. China ina vyeo rasmi vya kitaaluma, 助理工程师, 工程师 na 高级工程师, vinavyotolewa kwa tathmini. Kama mwajiri wako wa zamani alikuita mhandisi mwandamizi, ukaandika 高级工程师, unadai cheo ambacho hukupewa. Vilevile usajili wa ERB usiuite 一级建造师, huo ni mtihani wa taifa lao. Taja ERB kwa jina lake, eleza ni daraja gani la usajili, na ambatisha nakala.

Kwa lugha, Juma ataandika:

```
斯瓦希里语（母语）
英语（工作语言）
汉语（HSK四级）
```

Yaani Kiswahili ni lugha mama, Kiingereza ni lugha ya kazi, na Kichina ni daraja la nne la HSK, mtihani wa lugha ya Kichina. Kiswahili usikiache nje. Msimamizi wa Kichina anamhitaji mtu wa kuzungumza na vibarua, madereva na serikali ya kijiji, na huo ni uwezo ambao mhandisi aliyetoka China hana.

Hatua ya 6: Kujitathmini, 自我评价

Mistari mitatu basi. Badala ya kurundika sifa, taja mambo ya kazi: 能长期驻工地 (naweza kukaa kambini muda mrefu), una leseni ya udereva, umewahi kufanya kazi na Wachina. Hapo ndipo wasifu unapoishia. Wadhamini watatu, dini, mambo unayopenda na tamko la kuapa na sahihi haviwekwi.

Ukubwa ni A4, ukurasa mmoja kwa aliyetoka chuo, miwili kwa mwenye miradi mingi. Hifadhi kama PDF na faili liitwe kwa jina lako, kazi na miaka, mfano 朱马-试验工程师-6年.pdf.

Maswali ya wanachama

*Mimi sijui Kichina kabisa. Nikipeleka wasifu wa Kichina si nitakuwa nimedanganya?*

Hapana kaka, ilimradi usiandike kwamba unakijua. Tuma Kichina juu na Kiingereza nyuma yake, na kwenye lugha 汉语 usiiweke. Ila tafuta mtu aupitie. Wanafunzi wa Taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaweza kukusaidia. Na ujue kila mstari unasema nini, maana utaulizwa.

*Mwalimu, nina diploma, siyo digrii. Naandikaje?*

Andika 大专. Ukiandika 本科 nakala za vyeti zitakuumbua siku ya kwanza. Usione haya, kazi nyingi za maabara na upimaji zinatangazwa kwa kiwango hicho.

*Nilikuwa kwa mkandarasi mdogo chini ya kampuni kubwa. Nimtaje nani kama mwajiri?*

Kwenye 工作经历 taja aliyekulipa mshahara. Kwenye 项目经历 taja mradi, kisha weka mstari wa mkandarasi mkuu, 总包, na wa kampuni yenu, 分包. Ukiruka kampuni yako ukataja ile kubwa peke yake, wanaweza kupiga simu na jina lako lisionekane.

*Nimeolewa na nina mtoto mdogo. Ni lazima kuandika hali ya ndoa?*

Si lazima, dada. Kipengele 婚姻状况 utakiona kwenye fomu nyingi, lakini ukiandika wasifu wako mwenyewe unaweza kukiacha. Wakikuuliza kama unaweza kukaa kambini, jibu lako liwe kuhusu kambi tu.

*Nimetuma faili, wakasema wanaona miraba mitupu badala ya herufi.*

Bila shaka ulituma faili la kuhariri, na fonti yako haikuwepo kwenye kompyuta yao. Andika kwa 宋体 au 微软雅黑, hifadhi kama PDF, kisha ifungue kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kuituma. Herufi zikisomeka pale, tuma.